Tumbo gumu la saa moja jioni: kisa cha mtoto wa wiki tano, Kaptembwo

Mtoto ni wa kike, wa kwanza kwa mama yake, na alizaliwa kwa miezi tisa kamili bila shida. Wanaishi Kaptembwo, Nakuru, yeye, wazazi wake na shosho aliyekuja kusaidia malezi. Ananyonya tu; hajapewa maji wala uji. Alipoletwa kliniki ya mama na mtoto alikuwa na wiki tano, na malalamiko yalikuwa haya: mchana hana neno, lakini jua likianza kutua, mwendo wa saa kumi na mbili, analia hadi saa tatu, siku nyingine saa nne usiku. Uso unakuwa mwekundu, ngumi zimefungwa, magoti yamevutwa hadi kifuani, tumbo limekaza. Akijamba ananyamaza kidogo, kisha anaanza tena. Ilikuwa imeanza akiwa na wiki tatu hivi, na kila juma lilizidi lililopita.

Shosho ndiye aliyezungumza kwanza. "Daktari, huyu mtoto ana tumbo. Shika uone." Nikashika. Mtoto alikuwa analia pale pale mapajani mwake, na kweli tumbo lilikuwa gumu. Nikamwomba mama amnyonyeshe, nikasubiri alegee, nikashika tena. Sasa lilikuwa laini kabisa, vidole vinazama bila yeye kushtuka.

Tofauti ya mshiko ule wa kwanza na wa pili ndiyo nusu ya kisa hiki. Mtoto mchanga hawezi kulia kwa nguvu bila kukaza misuli ya tumbo, kwa sababu ndiyo inayosukuma pumzi nje. Misuli hiyo ikikaza, magoti hupanda yenyewe. Atafanya hivyo akilia kwa njaa, kwa baridi, kwa sindano ya chanjo au kwa uchovu tu. Na akiendelea kulia anameza hewa. Hewa inashuka, baadaye inatoka kwa kujamba. Kwa hiyo gesi mnayoisikia saa mbili usiku mara nyingi imeingia kwa sababu ya kilio kilichoanza saa kumi na mbili. Mzazi anaona gesi na kilio kwa pamoja, halafu anaona ni gesi iliyotangulia. Ndiyo maana tumbo lililoguswa mtoto akilia halisemi kitu. Liguse akiwa amelala au ananyonya. Likibaki limevimba na gumu hata hapo, au akilia upya kila ukiligusa, hilo ni tumbo linalotaka hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuendelea na habari ya maziwa nilimvua nguo zote. Ni kazi ya dakika chache, na huachwa mara nyingi kwa sababu kila mtu tayari ameamua ni tumbo. Joto lilikuwa 36.8. Utosi ulikuwa bapa, haukutuna wala kubonyea. Kwenye kinena hapakuwa na uvimbe, maana ngiri iliyokwama humliza mtoto na kumkunja miguu vile vile. Nilitazama kila kidole cha mkono na cha mguu, kwa kuwa unywele wa mama uliojifunga kwenye kidole cha mtoto unaweza kumliza siku nzima na usionekane ndani ya soksi. Nikauliza kuhusu matapishi: anacheua maziwa meupe baada ya kunyonya, hajawahi kutapika kitu cha kijani. Hili la mwisho nawaomba wazazi mlishike sana. Mtoto mchanga anayetapika rangi ya kijani anaweza kuwa na utumbo uliojisokota, na huko hakuna kungoja asubuhi. Vivyo hivyo joto la 38 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu, damu kwenye choo, kukataa kunyonya, au mtoto kulegea na kukosa nguvu. Huyu wetu hakuwa na hata kimoja.

Kisha mizani. Kwenye kijitabu chake cha kliniki ilionekana kwamba alizaliwa na kilo 3.2, na kwenye wiki ya pili alikuwa 3.4. Siku hiyo alikuwa na kilo 4.6. Ameongeza kilo 1.2 kwa siku 21, yaani karibu gramu 57 kwa siku. Mtoto wa umri huo kwa kawaida huongeza gramu 30 hivi kwa siku, na huyu alikuwa anakaribia mara mbili yake. Nyumbani, kumbe, shauri lililokuwa linaiva lilikuwa kwamba maziwa ya mama hayamtoshi. Shosho alitaka aanzishiwe uji mwepesi wa jioni. Jirani alipendekeza maziwa ya kopo. Sababu yao ni kwamba jioni matiti yanakuwa laini, na mtoto ananyonya dakika kumi, anaachilia, anataka tena baada ya nusu saa. Lakini titi laini haliko tupu. Kwa kina mama wengi maziwa ya jioni hupungua wingi kidogo na kuzidi mafuta, na watoto wengi hunyonya mfululizo saa hizo. Mizani ilikuwa inasema wazi kwamba chakula hakikosekani. Kama kuna tatizo la maziwa, lilikuwa upande wa pili: yalikuwa mengi, na yalikuwa yanampata kwa namna isiyomfaa.

Nilimwomba mama anyonyeshe mbele yangu tangu mwanzo, kwa titi lililojaa. Mtoto alishika vizuri, akanyonya mara chache, na maziwa yakaachia. Pale pale alianza kumeza mbio mbio, koo likitoa mlio kila tone, macho yamemtoka. Akakohoa, akajivuta nyuma, na maziwa yakaruka kama mstari mwembamba hadi kwenye leso. Titi la pili nalo lilikuwa linachuruzika. Alipotulia akarudi, lakini baada ya dakika tano hivi mama akamtoa na kumhamishia upande mwingine. Nikauliza kwa nini. Alikuwa ameambiwa na ndugu yake kwamba mtoto lazima anyonye yote mawili kila mara, dakika tano huku, tano kule, yasije yakapungua au moja likawa kubwa kuliko jingine. Amefanya hivyo tangu wiki ya pili, na matiti yote mawili yameitikia kwa kutengeneza maziwa zaidi na zaidi.

Nepi aliyokuja nayo ilimalizia maelezo. Choo kilikuwa cha kijani, chepesi, kina povu kama la sabuni, na harufu yake ilikuwa ya uchachu. Ngozi ya matako ilikuwa imechubuka kuzunguka njia ya haja. Mama akasema hutoka kwa mlipuko, mara nane au tisa kwa siku, na nyingine zinapita kwenye nepi hadi mgongoni.

Kinachotokea ndani ni hiki. Maziwa ya mama yana sukari yake, laktosi, kama gramu 7 kwa kila mililita 100, na kiasi hicho hakibadiliki sana tangu mwanzo wa kunyonya hadi mwisho. Kinachobadilika ni mafuta. Titi likiwa limejaa, maziwa yanayotoka huwa na mafuta machache. Kadiri linavyopungua ndivyo mafuta yanavyoongezeka. Hakuna aina mbili za maziwa na hakuna dakika ambapo moja huisha nyingine ikaanza, ni mabadiliko ya polepole. Mafuta ndiyo yanayolipunguzia tumbo mwendo. Mtoto anayenyonya mwanzo wa titi hili na mwanzo wa titi lile, akarudia hivyo mchana kutwa, anapata maziwa mengi sana yenye mafuta kidogo. Yanapita tumboni haraka, na sukari inafika kwenye utumbo mwembamba kwa wingi kuliko kimeng'enya chake kinavyoweza kuivunja. Inayobaki inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, na hapo ndipo panapotoka gesi, uchachu, povu na ule mlipuko. Na kwa kuwa hakushiba mafuta, anaomba tena mapema, anapewa tena mwanzo wa titi lililojaa, na mzunguko unaendelea. Mike Woolridge na Chloe Fisher walieleza hali hii kwenye jarida la Lancet mwaka 1988.

Naomba isichanganywe na ugonjwa wa kutovumilia laktosi. Mtoto anayezaliwa bila kimeng'enya hicho ni wa nadra mno, na huyo hanenepi. Anaharisha na kukonda tangu siku za kwanza. Huyu wa Kaptembwo kimeng'enya anacho, ila kimezidiwa kazi. Kumwachisha titi na kumpa maziwa ya kopo yasiyo na laktosi kungemwondolea dawa pamoja na tatizo.

Nikaulizia chakula cha mama, na hapo likafunguka jambo lililonisikitisha. Shosho alipofika alikuwa anampikia njahi, kama ilivyo desturi kwa mama aliyejifungua, pamoja na uji wa wimbi. Kilio kilipoanza, jirani akasema njahi zina gesi, zinaingia kwenye maziwa. Zikaondolewa njahi, kisha maharagwe, ndengu, kabeji na sukuma wiki. Kwa wiki mbili mama alikuwa anakula ugali kwa mchuzi, wali mtupu na chai. Anahisi kizunguzungu akisimama, na mtoto analia kama kawaida. Gesi ya maharagwe hutengenezwa kwenye utumbo mpana wa aliyekula, kutokana na nyuzi na sukari ambazo mwili wake haukuzinyonya. Haingii kwenye damu ikaenda titini ikawa gesi ya mtoto. Maziwa hutengenezwa kutoka kwenye damu. Nilimwambia shosho arudishe njahi siku hiyo hiyo, na alifurahi kuliko mtu yeyote mle chumbani.

Kuna chakula kimoja hasa ambacho kinaweza kweli kupita: maziwa ya ng'ombe. Vipande vya protini yake hufika kwenye maziwa ya mama, na watoto wachache huudhika navyo. Lakini hao huwa na dalili nyingine, kama nyuzi za damu au kamasi kwenye choo, ukurutu unaoenea mwilini, kutapika sana au uzito unaosuasua, na kilio chao hakichagui jioni. Ukiona hayo, mama huacha maziwa, mala, siagi na chai ya maziwa kwa wiki mbili hadi nne, kisha huyarudisha ili ijulikane kama kweli yalikuwa ndiyo sababu. Huyu mtoto hakuwa na dalili hizo, hivyo chai ya maziwa ya mama yake tukaiacha ilivyo.

Tulichobadilisha kilikuwa kidogo. Titi moja kila anaponyonya, hadi aachilie mwenyewe. Akiomba tena kabla ya muda wa saa mbili au tatu kupita, arudi kwenye titi lile lile. Baada ya hapo zamu ya jingine. Titi linalongoja likiuma, mama akamue kwa mkono matone ya kumpa nafuu tu, asilikamue likaisha, kwa sababu titi linalokamuliwa likaisha linajaza tena. Maziwa yakiachia kwa nguvu, amtoe mtoto sekunde chache, mruko wa kwanza uishie kwenye kitambaa, kisha amrudishe. Na anyonyeshe akiwa ameegemea nyuma kwenye mito, mtoto amelala juu ya kifua chake, ili maziwa yapande kuelekea kinywani badala ya kumwagika kooni.

Mpango huu si wa kila mama, na hapa nasema kwa mkazo. Unapunguza maziwa, hiyo ndiyo kazi yake. Mama ambaye mtoto wake anaongeza gramu 20 kwa siku au chini ya hapo akiufuata, atamnyima mtoto chakula. Choo cha kijani peke yake si sababu ya kuuanza, maana watoto wengi wazima hupata choo cha kijani siku moja moja. Nilihitaji kuona mambo manne kwa pamoja: uzito unaopanda kwa kasi, maziwa yanayomkaba, choo chenye povu, na mama anayehamisha mtoto kabla hajaachilia. Na hata hivyo nilimtaka arudi baada ya juma moja kupimwa, ahesabu nepi za mkojo zisipungue sita kwa siku, na akipata sehemu ya titi yenye wekundu, moto na homa, aje mara moja.

Walikuwa na chupa mbili mkobani. Moja ilikuwa dawa ya gesi ya matone kutoka duka la dawa, yenye simethikoni. Haina madhara makubwa, lakini ilipolinganishwa na matone yasiyo na dawa, watoto walilia sawasawa. Fedha hizo ni afadhali zinunue ndengu. Nyingine ilikuwa mchanganyiko wa mitishamba usio na jina wala kipimo, na hiyo niliwaomba waiache kabisa. Nikawaonya pia kuhusu dawa ya tumbo yenye daisaiklomini, ambayo haipaswi kupewa mtoto aliye chini ya miezi sita kwa sababu watoto wachanga wamewahi kushindwa kupumua baada ya kuimeza.

Nilimwambia mama jambo moja zaidi, ambalo ni gumu kulisikia unapotafuta dawa. Hata tukirekebisha maziwa, kilio cha jioni hakitaondoka chote. Daktari Mmarekani Berry Brazelton aliwaomba kina mama waandike kilio cha watoto wazima kabisa, na mwaka 1962 akachapisha alichokiona: kilio huanza kupanda wiki ya pili, hufika kilele karibu na wiki ya sita, kama saa mbili na dakika 45 kwa siku kwa mtoto wa kawaida, na nyingi za saa hizo ni za jioni. Baadaye hushuka hadi miezi mitatu. Mtu angeweza kusema ni mambo ya watoto wa Ulaya na Marekani wanaolazwa peke yao. Lakini Ronald Barr na wenzake, mwaka 1991, waliandika kuhusu watoto wa Wakung' wa kusini mwa Afrika, wanaobebwa mwilini mchana kutwa na kunyonya mara kadhaa kwa saa. Nao walikuwa na kilele kile kile cha wiki za mwanzo. Ila kilio chao kilikuwa kifupi zaidi, walianza, wakanyamaza. Kwa hiyo umri una sehemu yake ambayo hakuna chakula wala dawa inayoigusa, na kubeba kuna sehemu yake pia.

Kwa mtoto huyu wa wiki tano, kilele kilikuwa bado mbele. Tukapanga jioni kabla ya kilio: kuanzia saa kumi na moja na nusu mama apumzike, shosho ambebe kwa leso kifuani, redio izimwe na taa ipunguzwe. Akitaka titi apewe, la zamu, hata kila nusu saa. Baba ni wa bodaboda na hurudi saa moja, kilio kikiwa kimechacha. Yeye alipewa saa nzima ya kumtembeza, mtoto amelala kifudifudi juu ya mkono wake, shavu kwenye kiwiko. Na wote watatu waliambiwa kwamba anayehisi hasira inampanda amlaze mtoto chali mahali salama, afunge mlango, atoke nje dakika kumi. Mtoto aliyelia dakika kumi peke yake hatadhurika. Mtoto aliyetikiswa anaweza kuvuja damu ubongoni, akafa au akabaki na ulemavu.

Baada ya siku ya nne mama alipiga simu: choo kimeanza kuwa cha manjano, povu limekwisha. Walipokuja kwa chanjo ya wiki sita mtoto alikuwa na kilo 4.87, sawa na gramu 38 au 39 kwa siku, na hakohoi tena akinyonya. Lakini shosho alikuwa na swali la haki: "Choo kimepona, mbona bado analia jioni?" Alikuwa analia kwa muda wa saa mbili hivi, si saa tatu au nne nzima kama awali, na alikuwa anatulia akibebwa, jambo ambalo awali halikuwapo. Nilimjibu kwamba hayo mawili tuliyatarajia yaachane. Povu na mlipuko vilitokana na namna ya kunyonya, na vimeondoka na namna hiyo. Kilichobaki ni kile cha umri. Usiku ule wa chanjo kilio kilirefuka, na mtoto akapata joto la 37.9. Mama alijua kwamba likifika 38 asingoje, na halikufika. Kufikia asubuhi lilikuwa limeshuka.

Wiki ya kumi alikuwa na kilo 5.7. Kilio kilikuwa chini ya saa moja, na siku nyingine hakuna. Matiti ya mama hayakuwa yanajaa tena hadi kuuma, wala kuchuruzika upande wa pili, kwa hiyo nikamwambia aache kuhesabu saa za zamu: ampe moja hadi aachilie, ampe la pili kama bado anataka. Angeendelea na zamu kwa mazoea tu, maziwa yangeshuka kupita kiasi, na ndipo uji wa shosho ungepata sababu ya kweli. Wiki ya kumi na nne alikuja na wasiwasi mpya, kwamba mtoto amekaa siku nne bila choo. Nilimlaza, nikashika tumbo. Lilikuwa laini, naye alikuwa ananicheka. Mtoto anayenyonya tu, akishapita wiki sita, anaweza kukaa siku kadhaa hivyo, mradi anaongeza uzito, hatapiki, na choo kikija ni laini. Chake kilikuja siku iliyofuata, cha manjano.